Barua pepe mia sita kabla ya alfajiri: maswali tunayoulizwa kuhusu mafuriko ya kikasha na muamala unaofichwa humo

Nina meza ya ufundi wa simu na kompyuta Kariakoo. Wateja wengi huja na kioo kilichopasuka, lakini wapo wanaokuja wameishika simu kama kitu kinachoweza kulipuka: kikasha cha barua pepe kimejaa ghafla ujumbe wa "thibitisha usajili wako" kutoka tovuti ambazo hawajawahi kuzisikia. Maswali yao hufanana, nami nimeyaandika hapa kwa mpangilio ninaowajibu nao nikiwa mezani.

Nimeamka nimekuta mamia ya barua za kuthibitisha usajili. Nianze na nini?

Anza na pesa. Barua ziache zilivyo, hata kama bado zinaingia.

Fungua programu ya benki yako, au ingia kwenye tovuti ya benki kwa kuandika anwani yake mwenyewe, uangalie miamala ya tangu jana pamoja na ile inayosubiri kukamilika. Ukimaliza, fungua akaunti za maduka ya mtandaoni ambako umewahi kuhifadhi kadi na uangalie oda, kisha PayPal kama unayo. Usisahau alama unazokusanya kwa kusafiri na ndege au kulala hotelini, maana nazo huibwa. Huko kote usiende kwa kubonyeza kiungo kilichomo ndani ya barua yoyote iliyoingia leo.

Nasema hivi kwa sababu mafuriko haya mara nyingi ni pazia. Mwizi amefanya, au yuko mbioni kufanya, jambo litakalokuletea taarifa kwa barua pepe: oda imepokelewa, fedha zimehamishwa, nenosiri limebadilishwa. Barua hiyo moja hawezi kuizuia isikufikie, kwa hiyo anaizika chini ya nyingine mia tano. Anaweza kuizika barua, ila muamala wenyewe kwenye akaunti yako ya benki hana uwezo wa kuuficha. Ndiyo maana tunakwenda kwenye akaunti kwanza.

Barua zenyewe zinatoka wapi? Mbona nyingine ni za Kijerumani na Kirusi?

Zinatoka kwa watu wasio na hatia. Duniani kuna maelfu ya tovuti zenye kile kiboksi cha "weka barua pepe yako upate habari zetu": klabu za mpira, maduka ya vifaa vya bustani, makanisa, vyuo, mabaraza ya wapenda pikipiki. Mwizi ana programu inayozunguka kwenye tovuti hizo na kuijaza anwani yako kwenye kila kiboksi kisichomtaka mtu athibitishe kwamba si roboti. Kila tovuti inakutumia barua ya kuthibitisha. Kwa kuwa programu haichagui nchi, unapata lugha za kila aina, na sehemu ya jina mara nyingi imejazwa herufi zisizo na maana, mfano "Habari xkqPzwT".

Hapo ndipo kichujio cha barua taka kinaposhindwa. Kila barua, ukiitazama peke yake, ni halali: imetoka kwa mwenye tovuti, kwa seva yake, bila kirusi wala uongo. Ubaya uko kwenye wingi, na wingi huo umegawanyika kwa watumaji mia tano ambao kila mmoja ametuma moja tu.

Mbinu hii si mpya. Agosti 2016 anwani nyingi za serikali ya Marekani zilifurikwa kwa namna hii hii, pamoja na ya Brian Krebs, mwandishi wa habari za uhalifu wa mtandaoni wa hukohuko, hata shirika la Spamhaus, linaloorodhesha watumaji wa barua taka, likaanza kuyafungia majarida ambayo fomu zake ziliachwa wazi bila ulinzi.

Je, ina maana mwizi ameshaingia kwenye barua pepe yangu?

Kwa kawaida hapana, na fikra iliyo nyuma ya jibu hili inasaidia. Mtu aliyemo ndani ya kikasha chako hana haja ya mafuriko. Angeifuta barua ya benki kimyakimya, au angeweka kanuni ya kuipeleka moja kwa moja kwenye tupio, nawe usingejua. Anayefurika kikasha kwa kawaida ni yule aliyebaki nje: ana namba ya kadi yako, au nenosiri la akaunti yako ya dukani, ila barua pepe yenyewe hana.

Kwa hiyo mafuriko yanakuambia mahali pa kutafuta. Kuna akaunti nyingine iliyofunguka, na anwani yako ndiyo iliyosajiliwa humo.

Hata hivyo kagua, kwa kuwa haichukui dakika tano. Kwenye Gmail tumia kompyuta, maana programu ya simu haionyeshi yote. Ingia Settings, kisha See all settings, ufungue vichupo viwili: Filters and Blocked Addresses, halafu Forwarding and POP/IMAP. Ukikuta kanuni usiyoitambua, au barua zako zinapelekwa anwani usiyoijua, basi yule mtu yumo ndani, na kazi ya kwanza inageuka kuwa kubadilisha nenosiri la barua pepe na kuvitoa vifaa vyote vilivyoingia. Pale chini kulia kwenye ukurasa wa kikasha kuna neno dogo Details. Libonyeze uone ni wapi na saa ngapi akaunti ilifunguliwa.

Tupe mfano halisi. Hali huwa inaendaje?

Mama mmoja muuza vitenge, mteja wangu wa siku nyingi, aliamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya swala akakuta simu inatetemeka juu ya stuli bila kunyamaza. Barua zilikuwa zimepita mia sita. Akaketi kitandani akaanza kufuta, moja baada ya nyingine, kwa kidole. Aliponipigia alikuwa ameshafuta kama mia mbili.

"Mwanangu, simu yangu imepagawa," aliniambia.

"Mama, shikamoo. Acha kufuta kwanza. Nakuja."

Tulipoketi, tulifungua programu ya benki kabla ya kugusa barua hata moja. Kulikuwa na dola 899 zinazosubiri kukamilika, kwa jina la duka kubwa la mtandaoni la nje ambako aliwahi kununua mashine ya kupimia nguo miaka mitatu nyuma. Kadi yake ilibaki imehifadhiwa huko. Nenosiri la akaunti ile lilikuwa lilelile alilolitumia kwenye tovuti nyingine nne.

Tukaingia kwenye akaunti ya duka. Mwizi hakubadilisha barua pepe wala nenosiri, kwa sababu mabadiliko hayo yangezalisha taarifa zaidi. Aliongeza anwani mpya ya kupelekea mzigo, nchi nyingine kabisa, akaagiza simu moja ya bei. Basi.

Baadaye nilipozipanga barua kwa muda, hadithi ilijisoma yenyewe. Saa za kwenye simu, zile zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane, zilionyesha ya kwanza ya mafuriko imeingia 02:33. Barua ya oda ya simu ilikuwa 02:51, na ya benki 02:52. Mafuriko yaliendelea bila kupungua hadi baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Yaani pazia lilishushwa dakika kumi na nane kabla ya wizi, likaachwa limeshuka saa tatu na ushei ili zile barua mbili zizame chini kabisa ya orodha.

Na barua ya oda ilikuwa wapi? Kwenye tupio. Ilikuwa miongoni mwa zile mia mbili alizofuta mwenyewe.

Kuna jambo la pili lililomsaidia mwizi bila yeye kujua. Benki ile hutuma pia ujumbe mfupi wa simu kwa kila malipo ya kadi, lakini namba iliyosajiliwa benki ilikuwa laini ya zamani ambayo mama aliitupa alipobadilisha mtandao. Ujumbe ulikwenda hewani. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mteja yeyote mwenye kadi ni hili: namba iliyoko benki ndiyo hii uliyoishika mkononi?

Natafutaje barua moja kati ya mamia?

Usipekue kwa macho. Tumia kisanduku cha kutafutia cha Gmail na ukilazimishe kitazame kila mahali, yaani pamoja na Spam na Trash, kwa sababu utafutaji wa kawaida huziruka sehemu hizo mbili. Neno la kufanya hivyo ni `in:anywhere`. Mimi huanza hivi:

```
in:anywhere newer_than:2d (order OR payment OR transaction OR transfer OR shipped)
```

Hapo unapata barua za siku mbili zilizopita zenye mojawapo ya maneno hayo popote ndani yake. Bado zitakuwa nyingi, maana majarida ya maduka nayo hupenda neno "order". Hatua ya pili ni kutafuta kwa jina la mtumaji: benki yako, kila duka lenye kadi yako, kampuni yako ya simu.

```
in:anywhere newer_than:2d from:(paypal OR amazon OR jinalabenkiyako)
```

Benki inayokuandikia kwa Kiswahili itafute kwa maneno yake: muamala, malipo, umehamisha, salio.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi tunalifanya. Ukichoka na wingi unashawishika kuondoa kila barua yenye neno "confirm" au "unsubscribe" ili mafuriko yapungue kwenye matokeo. Usifanye hivyo. Barua ya oda mara nyingi inaitwa "Order confirmation", na barua ya duka halali ina "unsubscribe" pale chini kwa maandishi madogo. Ukiyaondoa maneno hayo umeiondoa ileile unayoitafuta. Kama ni lazima upunguze, punguza kwa kichwa cha barua tu, na kwa neno ambalo ni nadra barua ya muamala kuwa nalo:

```
in:anywhere newer_than:2d -subject:newsletter -subject:subscription
```

Halafu tazama muda. Tafuta mafuriko yalianza saa ngapi hasa, kisha soma kwa makini barua zote za saa ya kwanza pamoja na nusu saa kabla yake. Muamala si lazima uwe hapo, kwani nimewahi kuukuta katikati kabisa, ila saa ile ndiyo yenye faida zaidi kwa kazi ya macho.

Nimeshafuta zote. Ndiyo basi?

Gmail huiweka barua iliyofutwa kwenye Trash kwa siku 30 kabla haijaiondoa kabisa, na Spam nayo ni siku 30. Ile `in:anywhere` itaifikia. Balaa ni kubonyeza Empty Trash now, maana hapo huwezi tena kurudi nyuma. Ikiwa umeshabonyeza, habari ya muamala bado utaipata benki na dukani. Ulichopoteza ni njia ya mkato.

Uwezekano mwingine ni kwamba barua haikuingia kabisa. Gmail ina kikomo cha kasi ambayo akaunti moja inaweza kupokea barua. Kikomo kikivukwa, mtumaji hujibiwa kwamba mpokeaji anapokea kwa kasi mno, ajaribu baadaye. Seva nyingi hujaribu tena baada ya dakika kadhaa au saa, kwa hiyo taarifa ya benki inaweza kukufikia mchana ilhali muamala ni wa usiku. Rudia kutafuta jioni, na kesho yake pia.

Benki hakuna kitu, dukani hakuna kitu. Niko salama?

Bado. Kuna hali tatu hapa.

Huenda muamala haujafanyika. Wapo wanaoanzisha mafuriko kisha wanajaribu kadi mbili tatu hadi moja ikubali, kwa hiyo endelea kuangalia akaunti kila baada ya saa chache kwa siku mbili tatu. Ukiona malipo madogo usiyoyatambua, hata ya dola moja, ni mtu anapima kama kadi iko hai. Ifunge hapohapo.

Huenda umekwisha kufanyika mahali usipopakumbuka: akaunti ya duka uliyoifungua mara moja miaka mitano iliyopita. Tafuta kwenye barua zako za zamani maneno kama "your order" bila kuweka tarehe, uone ni maduka gani yamewahi kukuandikia. Wengi hushangaa orodha ilivyo ndefu.

Au ni uonevu mtupu. Kuna wanaofurikwa kwa sababu wamegombana na mtu, au kwa sababu anwani yao iko wazi kazini. Hilo lipo, lakini mimi hulikubali mwishoni, baada ya kuyamaliza mengine yote.

Nimeupata muamala. Nifanye nini, na kwa mpangilio gani?

Benki kwanza. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, si namba uliyoikuta kwenye barua. Waambie wafunge kadi na wakupe namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Programu nyingi za benki zina kitufe cha kuizuia kadi papo hapo. Kibonyeze huku ukisubiri kupokelewa, kwa sababu mama yule alisubiri zaidi ya dakika ishirini akisikiliza muziki.

Kisha duka. Oda ambayo haijaondoka ghalani inaweza kufutwa, na hapo ndipo kuwahi kunapolipa. Yeye tulifuta oda yake saa moja asubuhi, kabla mzigo haujafungwa. Zile dola 899 zilikuwa zimeshikiliwa tu, hazijachukuliwa, kwani maduka mengi ya mtandaoni huchukua fedha pale mzigo unapotoka. Benki ikaziachia siku ya sita. Siku zote hizo salio lake lilisomeka pungufu, akanipigia kila asubuhi, nami nikajibu jibu lilelile: kushikiliwa si kuchukuliwa.

Baada ya hapo piga picha za skrini: oda, anwani ngeni, barua zenye muda wake. Ndipo ufute ile anwani, uondoe kadi, ubadilishe nenosiri, na utoe vifaa vyote vilivyoingia. Ukianza kwa kufuta kabla ya picha, unamnyima ushahidi afisa wa benki atakayeshughulikia malalamiko yako.

Mzigo ukishaondoka, unajaza fomu ya kupinga muamala. Kanuni za Visa na Mastercard kwa malipo ya wizi huipa benki iliyotoa kadi siku 120 kufungua madai dhidi ya upande wa duka. Usizihesabu siku hizo kama zako, kwani benki nazo huweka muda wao mfupi zaidi kwenye mkataba, na karatasi huchukua muda kuzunguka.

Ndugu walioko Marekani wana saa inayokwenda kasi zaidi kwenye kadi ya akaunti ya benki. Kama kadi imeibwa au imepotea, ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue, hasara yako kisheria haivuki dola 50. Ukichelewa inaweza kufika dola 500, na ukipitisha siku 60 tangu taarifa ya akaunti itumwe bila kusema lolote, unaweza kupoteza zaidi ya hapo. Kadi ya mkopo huko ina kikomo cha dola 50. Ndiyo sababu huwaambia wadogo zangu walioko huko wanunulie mtandaoni kwa kadi ya mkopo, ile ya akaunti ibaki ya dukani na mashine ya fedha.

Nibonyeze "unsubscribe" kwenye kila moja?

Hapana, na sababu kubwa ni kwamba huhitaji. Barua nyingi kati ya hizo zinakuomba uthibitishe. Usipothibitisha, usajili haukamiliki na tovuti haitakuandikia tena. Kazi ya kujitoa mahali ambapo hujaingia ni kazi bure.

Sababu ya pili ni kwamba katika rundo la barua mia sita halali ni rahisi mtu kuchomeka moja ya uongo, yenye kitufe kinachofanana na vingine vyote. Wewe umechoka, kidole kimezoea mdundo wa kubonyeza, na hiyo moja inakupeleka kwenye ukurasa unaotaka nenosiri.

Wapo wachache watakaoendelea kukuandikia kila wiki, kwa kuwa tovuti zao hazisubiri uthibitisho. Hao washughulikie baada ya wiki moja, vumbi likishatulia. Tumia neno Unsubscribe lililo pale juu, jirani na jina la mtumaji, ambalo limewekwa na Gmail yenyewe, uachane na kiungo kilicho ndani ya barua. Tangu 2024 Google na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa, ambao Google huwahesabu kuanzia barua 5,000 kwa siku, waweke njia ya kujitoa kwa mbonyezo mmoja, kwa hiyo kitufe hicho utakikuta mara nyingi.

Wakati mafuriko bado yanaendelea, weka kanuni ya muda inayoyaondoa machoni bila kuyafuta. Kwenye Gmail tengeneza filter, uweke mstari huu kwenye kisanduku cha Has the words:

```
subject:(subscribe OR subscription OR newsletter OR Anmeldung OR inscription)
```

Kisha chagua Skip the Inbox na Apply the label, uipe lebo jina "Mafuriko". Usichague Delete it. Nimeliacha neno "confirm" makusudi, kwa sababu ile niliyoieleza juu. Yakikoma, ifute kanuni hiyo, la sivyo utakuja kulalamika mwezi ujao kwamba barua ya shule ya mtoto haikufika.

Amenipigia mtu anasema ni wa kitengo cha kompyuta, ameona barua pepe yangu imeshambuliwa na anataka kunisaidia. Nimwamini?

Kata simu. Kuna aina ya wizi ambayo kwayo simu hiyo ndiyo kiini chenyewe, mafuriko ni utangulizi tu. Mei 2024 Microsoft ilieleza jinsi wahalifu wanaosambaza Black Basta, programu inayofunga mafaili na kudai fidia, walivyokuwa wakifurika barua za mfanyakazi kisha wakampigia wakijifanya wataalamu wa msaada. Walimwomba afungue Quick Assist, programu halali iliyomo ndani ya Windows, inayomruhusu mtu wa mbali kuona na kuendesha kompyuta yako. Walichofanya ni kuleta ugonjwa kisha kubisha hodi na dawa.

Kama uko ofisini, nyanyuka uende kwa fundi wenu kwa miguu, au mpigie kwa namba unayoijua. Kama ni ya nyumbani, hakuna kitengo cha benki wala cha Google kitakachokupigia kwa sababu umepata majarida mengi. Anayekuomba umsomee namba ya OTP iliyoingia kwenye simu yako anakuomba ufunguo.

Barua zinamiminika na wakati huohuo simu imekosa mtandao. Vinahusiana?

Vichukulie kama vinahusiana hadi ithibitike vinginevyo. Laini ikifa ghafla mahali ambapo majirani wana mtandao, inawezekana mtu amesajili upya namba yako kwenye laini nyingine, na sasa ujumbe wa benki unaingia kwake. Hapo mpangilio hubadilika kidogo: azima simu ya mtu uipigie benki isimamishe huduma za simu na kadi, kisha nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wako. Usisubiri uone kama itarudi yenyewe.

Yataisha lini? Nibadilishe anwani?

Kishindo huwa ni cha saa kadhaa, wakati mwingine siku moja au mbili. Baada yake hubaki matone: barua kumi kwa siku, kisha tatu. Anwani usiibadilishe kwa sababu ya hili. Utahangaika miezi kuwaarifu benki, kazini na shuleni, na huko njiani utasahau mahali fulani patakapoendelea kutuma taarifa muhimu kwenye anwani iliyokufa.

Ninachokipendekeza ni kufungua anwani ya pili kwa ajili ya benki na kadi peke yake, usiyoitumia kwenye duka, mtandao wa kijamii wala fomu yoyote. Mwizi hafuriki anwani asiyoijua. Mama wa vitenge tulimfungulia ya kwake jioni ileile, tukaipeleka benki pamoja na namba yake mpya ya simu. Ile ya zamani ameiachia maduka, na hadi leo jarida moja la wafuga njiwa la Kipoland humwandikia kila Ijumaa. Amekataa nisimtoe, anasema picha zake ni nzuri.